Kutoka Mauzo hadi Kodi: Hesabu ya Duka Moja la Mwanga

(Hotuba kwa wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, Kigoma)

Ndugu wafanyabiashara, mama zangu, wazee wangu, na nyie vijana mliosimama kule mlangoni, habari za asubuhi. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie kodi ya mapato na amenipa saa moja. Saa moja haitoshi kumaliza kodi zote, kwa hiyo nitafanya jambo moja tu. Nitachukua duka moja la mtu binafsi, nianze na mauzo yake, nishuke hadi faida, nitoe uchakavu, niingie kwenye viwango vya kodi, mpaka tuipate ile shilingi anayotakiwa kuipeleka TRA kabla ya tarehe 31 Machi kuisha. Mwenye kalamu aandike, maana namba zitafuatana na ukikosa moja utapotea njiani.

Mwenye duka wetu tumwite Mama Mwanga. Ni jina la kubuni, msianze kuangaliana. Ana duka la saruji, nondo, mabati, misumari na rangi hapa Mwanga. Hana kampuni wala mbia. Biashara imesajiliwa kwa TIN yake mwenyewe. Mwaka jana mashine yake ya EFD ilionyesha mauzo ya shilingi 138,000,000. Mwaka huu anategemea kuiuzia halmashauri vifaa vya kujengea madarasa, kazi ya shilingi 10,000,000 hivi. Kwa hiyo anakadiria mauzo ya 148,000,000.

Hapo tayari ameshajibu swali la kwanza, la kwamba anatozwa kwa mtindo gani. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 100,000,000 hutozwa kwa kuangalia mauzo. Akizidi hapo, kodi yake inatoka kwenye faida, na anatakiwa kuwa na hesabu kamili zilizopitia kwa mhasibu aliyesajiliwa NBAA. VAT haimhusu bado, kwa sababu kuanzia Julai 2023 kiwango cha kulazimika kujisajili ni mauzo ya shilingi 200,000,000.

Najua wengi wenu mnaogopa kuvuka hiyo milioni 100. Nimesikia mtu akijisifu kwamba ikifika Novemba anaacha kutoa risiti ili mashine isivuke. Kutotoa risiti ni kosa lenye faini, hilo mnalijua, lakini leo nataka mkae na kosa la hesabu lililomo humo. Tutarudi kwake tukishapata kodi ya Mama Mwanga.

Sasa tuanze kushuka. Kutoka kwenye mauzo tunatoa kwanza gharama ya bidhaa zilizouzwa, na hapa ndipo hesabu nyingi za Kigoma zinapoharibika. Watu wanachukua manunuzi ya mwaka na kuyatoa yote kwenye mauzo. Lakini mzigo ulionunua Desemba na bado umelala stoo haujauzwa, na usichouza hakiwezi kuwa gharama ya mauzo. Vilevile mzigo uliokuta stoo Januari umeuuza mwaka huu, ingawa hukuununua mwaka huu. Kwa hiyo unaanza na stoo ya tarehe 1 Januari, unaongeza manunuzi, unatoa stoo ya tarehe 31 Desemba.

Mama Mwanga alihesabu stoo yake usiku wa kuamkia mwaka mpya: mifuko, vipande vya nondo, bando za mabati, makopo ya rangi, kila kimoja kwa bei aliyonunulia, si bei ya kuuzia. Akapata 21,000,000. Anakadiria kununua bidhaa za 118,000,000 mwaka huu. Ndani ya hiyo 118 imo nauli ya kuleta mzigo kutoka Dar es Salaam, iwe kwa behewa au kwa lori, pamoja na hela ya wapakuaji pale duka linapopokea. Msiiache nje hiyo. Mfuko wa saruji haugharimu bei ya kiwandani. Unagharimu bei ya kiwandani pamoja na safari yote ya kuja huku mwisho wa reli. Mwisho, kwa kuangalia miaka iliyopita, anadhani Desemba atabakiwa na stoo ya 24,000,000.

Basi 21,000,000 jumlisha 118,000,000 ni 139,000,000. Toa 24,000,000, zinabaki 115,000,000. Hiyo ndiyo gharama ya bidhaa zilizouzwa. Toa kwenye mauzo ya 148,000,000, faida ghafi ni 33,000,000.

Kabla hujaendelea, gawanya hiyo faida ghafi kwa mauzo. Ni asilimia 22 na kidogo. Kama mwaka jana ilikuwa 21 au 23, hesabu imekaa sawa. Kama mwaka jana ilikuwa 22 na mwaka huu imetoka 6, usilaumu soko haraka, rudi stoo. Angesahau kuitoa ile stoo ya mwisho ya 24,000,000, faida ghafi ingekuwa 9,000,000 tu, na akitoa pango na mishahara angeonyesha hasara kubwa huku duka limejaa mzigo mpaka barazani. Afisa wa kodi anaipiga asilimia hiyo hiyo. Ndiyo kitu cha kwanza anachokitazama akishika ritani ya duka, na akiona imeporomoka anaomba karatasi za kuhesabia stoo. Kwa hiyo zile karatasi za usiku wa Desemba, hata kama zina vumbi la saruji, zitie sahihi na uziweke.

Na kuna jambo dogo linalofanana na hilo. Unajenga nyumba yako Gungu, unachukua mifuko dukani kwako. Ni haki yako, mali ni yako. Lakini mifuko ile haikuuzwa na haipo stoo, kwa hiyo ukinyamaza inaonekana kama gharama ya mauzo. Iandike kila unapochukua, kisha uitoe kwenye manunuzi.

Tuna 33,000,000. Sasa gharama za kuendesha biashara. Kanuni ya sheria ya kodi ya mapato ni moja: gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha pato la biashara hiyo tu. Mama Mwanga analipa pango la 300,000 kwa mwezi, mwaka ni 3,600,000. Ana vijana wawili, kila mmoja 250,000 kwa mwezi, jumla 6,000,000 kwa mwaka, na mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 ni 600,000. Mshahara huo hauzidi 270,000 kwa mwezi, kwa hiyo hakuna kodi ya mshahara ya kuwakata. Umeme, simu na mlinzi ni 1,500,000. Leseni, ushuru wa huduma wa halmashauri na ada ya mhasibu ni 1,600,000. Mafuta na matengenezo ya Kenta yake inayopeleka mzigo kwa wateja ni 4,000,000. Riba ya mkopo wa benki ni 1,700,000. Jumlisheni: ni 19,000,000. Ukitoa kwenye 33,000,000, zinabaki 14,000,000.

Naona huyu bwana wa mbele anatikisa kichwa. Anasema kitabu cha Mama Mwanga hakisemi hivyo. Ni kweli, hakisemi hivyo. Kitabu chake cha dukani kinasema atabakiwa na 2,500,000. Tofauti ya 11,500,000 imetoka wapi? Imetoka sehemu mbili, na zote mbili mnazifahamu.

Ya kwanza ni rejesho la mkopo. Alikopa 12,000,000 za kulipa kwa miezi 24, riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye deni linalobaki. Kila mwezi anapeleka karibu 600,000, mwaka ni 7,200,000, na kitabu chake kimeandika zote kama matumizi. Lakini zile 12,000,000 alipozipokea hakuziandika kama mauzo, sivyo? Hakuzilipia kodi kwa sababu hazikuwa pato, zilikuwa deni. Basi kuzirudisha nako si gharama. Kinachokubalika ni riba peke yake. Benki ina ratiba ya marejesho yenye safu mbili, moja ya mtaji na nyingine ya riba, nenda kaichukue. Kwa mkopo huu, mwaka wa kwanza riba ni karibu 1,700,000 na mtaji ni karibu 5,500,000. Hiyo 5,500,000 inarudi kwenye faida.

Ya pili ni hela ya nyumbani. Kila mwezi anachukua 500,000 za chakula, ada za watoto, na matumizi ya mjukuu aliyeko Kasulu. Mwaka ni 6,000,000. Anaiita mshahara wake. Kwa kampuni angeweza kuajiriwa na kulipwa mshahara, lakini mfanyabiashara binafsi na biashara yake ni mtu mmoja kisheria, na mtu hajilipi mwenyewe mshahara. Hayo ni matumizi yake kutoka kwenye faida. 6,000,000 nazo zinarudi. Jumlisha 2,500,000, 5,500,000 na 6,000,000, utaiona 14,000,000 yetu.

Na oneni hatari yake. Kiwango kisichotozwa kodi kwa mtu binafsi ni shilingi 3,240,000 kwa mwaka. Kwa kitabu chake, Mama Mwanga yuko chini ya hapo, yaani angejaza makadirio ya sifuri kwa moyo safi kabisa, akiamini hadaiwi. Hakuna hata risiti moja aliyoificha. Kosa lote liko kwenye kuchanganya hela iliyotoka mfukoni na gharama ya biashara.

Vitu vingine visivyokubalika nivitaje haraka. Faini ya serikali, iwe ya trafiki kwa ile Kenta au ya TRA, hairuhusiwi. Rushwa hairuhusiwi, na mtu aliyewahi kuniuliza kama inaruhusiwa yumo humu ndani, namwona anacheka. Kodi ya mapato yenyewe haitolewi kwenye faida ya kukokotolea kodi ya mapato. Na gharama ambayo huna risiti yake, hesabu kwamba afisa ataikataa.

Kuhusu pango nina neno moja. Unapopanga fremu ya biashara unatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Mama Mwanga anampa mwenye nyumba 270,000 na TRA 30,000. Gharama yake inabaki 300,000 kamili. Asipozuia, TRA itamdai yeye, na kurudi kwa mwenye nyumba baada ya miaka miwili kumwomba 720,000 ni kazi mnayoijua wenyewe.

Haya, tuna 14,000,000. Wengi mngepiga kodi hapa. Subirini, kuna uchakavu.

Mama Mwanga alinunua Kenta mwaka jana kwa 16,000,000. Hakuruhusiwa kuitoa yote kama gharama ya mwaka ule, kwa sababu gari litamfanyia kazi miaka mingi. Ni mali ya kudumu. Badala yake sheria inampa posho ya uchakavu kila mwaka kwa viwango vilivyopangwa kwa madaraja. Mali za aina moja zinawekwa kwenye kundi moja, na asilimia inapigwa kwenye thamani ya kundi zima iliyobaki, si kwenye bei ya awali.

Daraja la kwanza lina kompyuta, magari madogo, na magari ya mizigo yanayobeba chini ya tani 7. Kiwango chake ni asilimia 37.5. Daraja la pili lina malori makubwa, mabasi ya abiria 30 na zaidi, na vyombo vya majini. Kwa hiyo wale wenye maboti pale Kibirizi mko humo, kwa asilimia 25. Daraja la tatu ni samani, vifaa vya ofisi na kila kisichopata nafasi kwingine, asilimia 12.5.

Kenta iko daraja la kwanza. Mwaka jana ilipata uchakavu wa asilimia 37.5 ya 16,000,000, ambayo ni 6,000,000, ikabaki na thamani ya 10,000,000. Mwaka huu anapanga kununua kompyuta na printa kwa 1,200,000, na zinaingia kundi hilo hilo. Kundi linakuwa 11,200,000. Asilimia 37.5 yake ni 4,200,000. Zinabaki 7,000,000, nazo ndizo atakazoanza nazo mwakani. Kompyuta hata akiinunua Oktoba inapata uchakavu wa mwaka mzima, kwa sababu asilimia inapigwa kwenye thamani ya kundi mwisho wa mwaka.

Shelfu, kaunta na mizani ziko daraja la tatu na thamani iliyobaki ni 2,400,000. Asilimia 12.5 ni 300,000. Jumla ya uchakavu ni 4,500,000.

Mhasibu wako anaweza kuwa na uchakavu wake kwenye vitabu, labda anaigawa Kenta kwa miaka mitano sawasawa. Hiyo ni ruhusa kwenye vitabu, lakini kwenye hesabu ya kodi unaurudisha uchakavu wake na kuweka wa sheria. Ukiacha vyote viwili umetoa mara mbili. Na kama Jumapili Kenta inabeba familia kwenda ufukweni, sehemu hiyo ya matumizi binafsi haipati posho.

Sasa 14,000,000 toa 4,500,000 ni 9,500,000. Hilo ndilo pato linalotozwa kodi.

Viwango vya mtu binafsi Tanzania Bara, kama vilivyo tangu Julai 2021, viko hivi. Chukulieni kama madebe yaliyopangwa mstari: unajaza la kwanza, kinachozidi kinamwagikia la pili, na kila debe lina asilimia yake. Debe la kwanza ni la 3,240,000 na halina kodi. La pili linabeba 3,000,000 zinazofuata, kwa asilimia 8. La tatu linabeba 2,880,000, kwa asilimia 20. La nne nalo linabeba 2,880,000, kwa asilimia 25. Kinachozidi 12,000,000 chote ni asilimia 30.

Zimwageni 9,500,000 za Mama Mwanga. 3,240,000 za kwanza, sifuri. 3,000,000 kwa asilimia 8 ni 240,000. 2,880,000 kwa asilimia 20 ni 576,000. Hapo tumefika 9,120,000. Zimebaki 380,000, zinaingia debe la nne, asilimia 25 yake ni 95,000. Jumla ni 911,000.

Msikubali mtu awaambie kwamba ukigusa asilimia 25 unakatwa asilimia 25 ya faida yote. Ingekuwa hivyo, Mama Mwanga angelipa 2,375,000. Kilichopigwa 25 ni zile 380,000 za juu tu. Ukigawa 911,000 kwa pato lake lote unapata chini ya asilimia 10.

Na uchakavu umemsaidia kiasi gani? Bila huo angetozwa kwenye 14,000,000, na kodi ingekuwa 2,136,000. Posho ya 4,500,000 imepunguza kodi kwa 1,225,000. Risiti ya kununulia Kenta na kadi ya gari zina thamani hiyo. Aliyenunua gari kwa makubaliano ya mdomo na hana karatasi, atasumbuka sana kuithibitisha.

Sasa tumrudie yule bwana wa Novemba anayejizuia asivuke milioni 100. Tuseme mashine yake imesimama kwenye 99,000,000. Mauzo yanayozidi 11,000,000 hadi 100,000,000 yanatozwa asilimia 3.5 ya mauzo yote, bila kuangalia pango, mishahara wala Kenta. Kodi yake ni 3,465,000. Mama Mwanga ameuza 148,000,000 na kodi yake ni 911,000. Sisemi kwamba kila mtu akivuka atalipa pungufu. Mwenye faida nono na gharama chache atalipa zaidi, na gharama ya mhasibu ipo. Lakini kwa biashara ya saruji, ambayo mzunguko wake ni mkubwa na faida kwa mfuko ni ndogo, kutozwa kwenye mauzo kunauma kuliko kutozwa kwenye faida. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuficha risiti.

Kinachobaki ni kulipa. Makadirio ni ya kwako: wewe mwenyewe ndiye unayejaza kiasi unachotarajia kudaiwa, mtandaoni kwa TIN yako, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka. Malipo ni awamu nne: mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba na mwisho wa Desemba. 911,000 gawanya kwa nne ni 227,750. Anapata namba ya malipo, analipa benki au kwa simu.

Machi amelipa, Juni amelipa, jumla 455,500. Julai halmashauri inamlipa zile 10,000,000 za vifaa vya madarasa. Lakini serikali ikinunua bidhaa inazuia asilimia 2, kwa hiyo anapokea 9,800,000. Zile 200,000 hazijapotea wala si kodi nyingine. Ni kodi yake ya mapato iliyolipwa mapema. Septemba asilipe tena 227,750. Anachukua 911,000, anatoa 455,500 alizolipa na 200,000 zilizozuiwa, zinabaki 255,500. Awamu zilizobaki ni mbili, kila moja 127,750. Anachohitaji ni cheti cha kodi ya zuio kutoka halmashauri. Kifuatilie siku ile ile hela inapoingia, kwa maana nimeona watu wengi wakilipa hiyo asilimia 2 mara mbili kwa sababu tu cheti kilibaki kwenye droo ya ofisi fulani.

Na kama biashara ikibadilika? Tuseme kufikia Septemba miradi imeongezeka, na anaona pato linalotozwa kodi litafika 11,500,000. Kodi yake inakuwa 816,000 za madebe matatu ya kwanza, jumlisha asilimia 25 ya 2,380,000, yaani 595,000. Jumla 1,411,000. Anaruhusiwa kurekebisha makadirio, na afanye hivyo kabla ya awamu ya Septemba. Anatoa 655,500 zilizokwishalipwa na kuzuiwa, zinabaki 755,500, kila awamu 377,750.

Akinyamaza, tofauti ya 500,000 atailipa tu wakati wa ritani. Ila sheria inaangalia kama ulikadiria angalau asilimia 80 ya kodi halisi. Asilimia 80 ya 1,411,000 ni 1,128,800, na yeye alikadiria 911,000. Amepungukiwa, kwa hiyo atatozwa riba inayojumlishwa kila mwezi, kwa kiwango kinachofuata kile cha Benki Kuu. Kinyume chake, pato likishuka pia rekebisha. Kulipa zaidi halafu kusubiri urejeshewe si mpango mzuri wa mtaji.

Ritani yenyewe ni baada ya mwaka kwisha, kabla ya tarehe 30 Juni. Hapo stoo ya kukadiria ya 24,000,000 inaondoka na inawekwa ile aliyoihesabu kweli usiku wa Desemba, na kila namba nyingine inabadilishwa na halisi. Kodi ikitoka zaidi ya 911,000 anaongeza tofauti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenye ratiba yake ya mkopo hapa aje mezani tuisome ile safu ya riba, na mwenye Kenta aje na kadi yake tuone uzito inaobeba.